Kumtofautisha nyani, kima na sokwe hata mkia usipoonekana

Ukionyeshwa picha ya mnyama aliyeketi juu ya jiwe, amekutazama, mikono yake imetulia magotini, jicho lako litakwenda moja kwa moja usoni. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Uso wa mnyama wa jamii hii hubadilika sana na umri, na ukiwa mbali unaonekana wa kibinadamu kuliko ulivyo. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: tuanze na mkia, twende kwenye mkono unapokanyaga ardhi, kisha kifua na urefu wa mikono, na uso tuuache mwisho. Ukizoea mpangilio huo utaweza kumtaja mnyama hata kama umemwona kwa sekunde chache akivuka njia.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Hapa naita kima wale wote wenye umbo la tumbili: tumbili mwenyewe, mbega, kima wa misituni, pamoja na makaku wa Asia na Afrika ya Kaskazini. Sokwe ni kundi la sokwemtu, bonobo, gorila, orangutani na giboni. Nyani yuko karibu zaidi na upande wa kima. Kwa ukoo yeye ni kima mkubwa aliyezoea maisha ya ardhini, ingawa kwa ukubwa na mwendo watu wengi humweka pamoja na sokwe. Kwa hiyo kazi ina maswali mawili, na yasichanganywe. Swali la kwanza ni kama huyu ni sokwe au siye. Ukishalijibu, na kama si sokwe, ndipo unauliza kama ni nyani au kima mwingine.

Hatua ya kwanza: tafuta mkia, na usiridhike upesi

Sokwe hana mkia. Si kwamba ana mkia mfupi. Hana kabisa, mifupa michache iliyosalia imejificha ndani ya mwili kama ilivyo kwa binadamu. Ukiuona mkia ulio hai, unaotikisika au kujipinda, swali la kwanza limekwisha hapo hapo: huyo si sokwe, hata awe mkubwa kiasi gani.

Tatizo ni kwamba kutouona mkia si sawa na mnyama kutokuwa nao. Nyani anapoketi, mkia wake hulala nyuma yake na majani kidogo tu yanatosha kuuficha. Wapo pia waliokatika mkia kwa kuumwa au ajali. Kwa hiyo ukimwona ameketi, subiri ainuke. Akiinuka na kutembea, mkia wa nyani utajitaja wenyewe, kwa sababu una umbo ambalo huwezi kulisahau: unapanda juu kutoka kiunoni kwa kipande kifupi, kisha unapinda ghafla na kuning'inia chini, kana kwamba umevunjika. Umbo hili liko wazi zaidi kwa nyani wa kijani, yule wa nyika na misitu ya Afrika Mashariki na Kati, na kwa nyani mkubwa wa kusini mwa bara. Kwa nyani wa manjano mpindo ni laini zaidi, na kwa nyani wa Uarabuni na Pembe ya Afrika mkia huning'inia kwa mkunjo mpole, wenye kishungi kidogo mwishoni.

Mkia wa tumbili ni tofauti. Ni mrefu, mwembamba, mara nyingi unauzidi urefu wa mwili wake, hauna kona. Akikimbia ardhini huuinua. Akiwa juu ya tawi huuacha uning'inie moja kwa moja chini. Mkia wa mbega mweusi na mweupe una manyoya meupe, na kwa baadhi ya aina ni mzito na wa kupendeza kiasi kwamba huonekana kabla ya mnyama mwenyewe, ukining'inia chini ya majani. Ukiuona huo, hakuna haja ya hatua nyingine.

Kuna mitego miwili ya mkia ambayo lazima uijue. Wa kwanza ni mtoto wa sokwemtu. Ana kishungi cha manyoya meupe pale ambapo mkia ungeanzia, na ukimwona kwa nyuma akiwa amemng'ang'ania mama yake, kishungi hicho huonekana kama mkia mfupi mweupe. Ni manyoya tu, hayana mfupa, na hupotea anapokua. Mtego wa pili ni kinyume chake: kima walio na mkia mfupi mno, au wasio nao kwa macho ya kawaida. Mandirili wa misitu ya Afrika ya Kati ana kisiki kifupi kilichosimama juu. Makaku mweusi wa Sulawesi, Indonesia, ana kisiki cha sentimita chache tu. Makaku wa Moroko na Aljeria karibu hana kitu. Hao hawatatenganishwa na sokwe kwa mkia, na ndio sababu hatua zinazofuata zina uzito kuliko hii ya kwanza.

Hatua ya pili: tazama mkono unapokanyaga

Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa mnyama hawezi kuificha anapotembea. Usitazame mnyama mzima. Elekeza darubini kwenye kifundo cha mkono wa mbele na ufuate hatua tatu au nne.

Sokwemtu, bonobo na gorila hutembea kwa kukunja vidole na kuegemea mgongo wa vidole hivyo. Kiganja hakigusi ardhi. Mkono unaonekana kama nguzo iliyonyooka, na kucha zimeelekea ndani, hazionekani kwa mbele. Orangutani akishuka chini, jambo asilolifanya mara nyingi, hukunja ngumi na kuegemea ubavu wake. Giboni hatembei kwa miguu minne. Juu ya tawi nene au ardhini husimama kwa miguu miwili na kuinua mikono yake mirefu ili asipepesuke.

Nyani hutanua vidole na kuvilaza ardhini, huku kiganja kikiwa kimeinuliwa. Ukiwa karibu utaona kwamba anakanyaga kwa vidole, jambo linalouongeza mkono wake urefu na kumfaa mnyama anayetembea kilomita nyingi kwa siku. Kima wengi wa mitini hukanyaga kwa kiganja kizima, kwa sababu juu ya tawi kiganja ndicho kinachoshika. Kwa umbali mkubwa hutaweza kutenganisha kiganja kilichoinuliwa na kilicholala, na wala si lazima. Cha kutafuta ni kama vidole vimenyooka mbele au vimekunjwa nyuma. Vikinyooka, si sokwe.

Tope au mchanga mbichi hukupa jibu hilo hilo baada ya mnyama kwenda zake. Nyani huacha alama ya vidole virefu na kidole gumba kidogo kilichokaa pembeni. Sokwemtu huacha mstari wa vishimo vifupi vya migongo ya vidole, na nyuma yake wayo mpana wenye kidole kikubwa kilichojitenga mbali na vingine.

Hatua ya tatu: mstari wa mgongo, kifua na mikono

Mnyama akisimama ubavu kwako, chora kwa macho mstari kutoka begani hadi kiunoni. Kwa sokwemtu na gorila mstari huo unashuka kwa mteremko mkali, kwa sababu mikono ni mirefu kuliko miguu. Kwa nyani mabega yako juu kidogo tu ya kiuno, na mteremko ni mdogo. Mikono na miguu inakaribiana urefu. Kwa tumbili na kima wengi wa mitini mstari uko sawa au kiuno ndicho kilicho juu, kwa kuwa miguu ya nyuma ndiyo mirefu. Miguu hiyo ndiyo inayomrusha kutoka mti hadi mti.

Akikugeukia, tazama kifua. Kima na nyani wana kifua chembamba kwa mbele na kirefu kwa kwenda ndani, na mabega yao yako ubavuni. Sokwe ana kifua kipana, bapa, na mabega yaliyotanuka kama ya binadamu. Mifupa ya mabega iko mgongoni. Tofauti hii si ya sura tu. Bega la namna ile humruhusu sokwe kunyoosha mkono juu ya kichwa na kuuzungusha akiwa amening'inia, wakati bega la kima limetengenezwa kwa mkono unaokwenda mbele na nyuma. Ndiyo maana juu ya miti tofauti yao iko wazi kuliko ardhini. Kima hukimbia juu ya tawi, mwili wake umelala sambamba nalo, kisha huruka. Sokwe huning'inia chini ya tawi au hupanda akiwa wima, mkono mmoja juu, mwingine ukifuata.

Giboni ndiye bingwa wa kuning'inia: hujirusha kwa mikono tawi hadi tawi, na anaweza kuachia kabisa na kupita hewani. Yeye huwachanganya watu kwa sababu ni mdogo. Wengi wao wana kilo kati ya 5 na 8, uzito wa kima wa kawaida. Usimpime kwa ukubwa. Mikono yake ikiwa mirefu mno kuliko miguu, na mkia hakuna, ni sokwe. Lakini angalia pia upande wa pili: huko Amerika ya Kati na Kusini kuna kima-buibui ambaye naye huning'inia na kujirusha kwa mikono mirefu. Yeye anao mkia, tena mkia unaoshika tawi kama mkono wa tano. Hapo mwendo ukikuvuta upande mmoja na mkia upande mwingine, fuata mkia.

Jambo moja halina maana na watu hulitegemea mno: kusimama kwa miguu miwili. Tumbili husimama ili kutazama juu ya nyasi, nyani husimama akibeba chakula, sokwemtu pia. Usilihesabu.

Hatua ya nne: matako na mashavu

Watu wengi huona aibu kuitaja sehemu hii, lakini ni ya kutegemewa. Nyani na kima wa Afrika na Asia wana sugu mbili ngumu za ngozi matakoni, ambazo huketia wanapolala wameegemea matawi au miamba. Sokwemtu, gorila na orangutani hawana sugu hizo za kudumu, kwa kuwa wao hulala wamejilaza kwenye kiota wanachokijenga kwa matawi na majani takriban kila jioni. Giboni ana sugu ndogo, wala hajengi kiota, kwa hiyo kwake alama hii ina mpaka.

Usichanganye sugu na uvimbe wa rangi ya waridi unaowatokea majike wanapokuwa tayari kupandwa. Uvimbe huo uko kwa nyani jike na kwa sokwemtu jike vilevile, na umewafanya watu wengi waseme "nyani" wakimwona sokwemtu kwa nyuma.

Mashavu nayo husaidia wakati wa kula. Nyani, tumbili na makaku wana mifuko ndani ya mashavu. Hujaza chakula upesi, mashavu yakavimba hadi shingoni, kisha huenda mahali salama kutafuna. Sokwe hana mifuko hiyo. Mbega pia hana, lakini mbega hutamtafuta kwa mashavu.

Hatua ya tano: uso, na hasa mahali pua ilipo

Sasa uso. Nyani mkubwa ana domo refu lililochongoka kama la mbwa, na matundu ya pua yako mwisho kabisa wa domo hilo. Macho yamekaribiana, yameingia ndani chini ya ukingo wa mfupa. Ukimtazama ubavu, huwezi kukosea.

Kosa hutokea kwa sokwemtu, kwa sababu naye ana taya lililotokeza. Tafuta pua. Kwake pua ni bapa, iko juu karibu na macho, na chini yake kuna mdomo wa juu mrefu, laini, unaoweza kuchomoza na kujikunja. Pua mwisho wa domo ni nyani. Pua bapa juu ya mdomo mrefu ni sokwe. Masikio ya sokwemtu ni makubwa na yamejitokeza pembeni. Ya gorila ni madogo, yamelala kichwani, na matundu ya pua yake ni mapana yenye kingo nene.

Tumbili ana uso mweusi mdogo uliozungukwa na manyoya meupe, na mstari mweupe juu ya macho. Alama hiyo inakusaidia katika lile kosa la kila siku ardhini, yaani kumdhania nyani mchanga kuwa tumbili. Nyani wa umri wa mwaka mmoja au miwili ana ukubwa wa tumbili, lakini uso wake hauna mstari mweupe, domo limeanza kurefuka, na mkia umeshaanza kuonyesha ile kona. Nyani aliyezaliwa karibuni ni tatizo kubwa zaidi: manyoya yake ni meusi, uso na masikio ni ya waridi, na domo bado ni fupi. Kwa uso peke yake angeweza kuitwa kitu chochote. Yeye usimsome, msome mama anayembeba.

Mfano: mnyama wa Gibraltar

Tuchukue mnyama mmoja mgumu na tupite naye hatua zote. Juu ya mwamba wa Gibraltar, eneo la Uingereza linalopakana na kusini mwa Uhispania, kuna wanyama wa rangi ya kahawia yenye umanjano, nyuso zao za waridi iliyofifia, hawana mkia unaoonekana. Kwa miaka mingi wageni wamewaita sokwe kwa sababu hiyo moja. Dume ana kilo kama 15, jike kama 10.

Hatua ya kwanza inatupeleka upande wa sokwe: mkia hakuna, au ni uvimbe mdogo uliofichwa na manyoya. Tungeishia hapo tungekosea. Tunasubiri mmoja atembee. Anakanyaga kwa vidole vilivyonyooka mbele, havikukunjwa. Tayari dau limegeuka. Anasimama ubavu ukingoni mwa ukuta: mgongo uko karibu sawa, mikono na miguu inalingana. Anatugeukia, na kifua ni chembamba. Anaketi, na alipokuwa akigeuka tuliona sugu mbili matakoni. Kisha anaokota chakula, na shavu moja linajaa na kubaki limevimba wakati mdomo hautafuni.

Alama moja ilisema sokwe. Tano zinasema siye. Ile moja ni ya kukosekana kwa kitu, na kitu kinaweza kukosekana kwa sababu nyingi. Zile tano ni za vitu vilivyopo mwilini. Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa: si sokwe. Swali la pili ni jepesi. Domo lake ni fupi, halikuchongoka, pua haiko mwishoni mwa domo refu, kwa hiyo si nyani. Ni makaku, yule yule anayeishi katika milima ya Moroko na Aljeria, na ndiye kima pekee anayeishi huru barani Ulaya.

Jaribu mpangilio huo huo mahali ambapo nyani na sokwemtu wanaishi pamoja, kama Gombe kando ya Ziwa Tanganyika. Jioni rangi hupotea, nyani wa kijani na sokwemtu wote huwa vivuli vyeusi kati ya miti. Mkia wa nyani unaweza kufichwa na nyasi, na uso hauonekani kabisa. Mstari wa mgongo ndio unaobaki. Kivuli chenye mabega yaliyoinuka sana na kiuno kilichoshuka ni sokwemtu. Kivuli chenye mgongo wa mteremko mdogo na kichwa kirefu kilichotangulia ni nyani. Ikiwa bado una shaka, ngoja wapande mitini kulala. Ukisikia matawi yakivunjwa na kukunjwa mfululizo kwa dakika chache mahali pamoja, kisha kimya, kuna kiota kinachojengwa, na nyani hajengi kiota.